Chupa ya Kituo cha Pili

Munganga wetu, daktari mzungu wa dispensari, alikuwa na sheria moja kuhusu raporo, yaani ripoti: mtu asionekane. Maji yalichotwa, siyo nilichota maji. Rangi ilionekana, siyo niliona rangi. Ukiandika kwamba ulifurahi, anakukata kwa wino mwekundu mpaka karatasi inatoboka. Ndiyo maana raporo yangu ya hewa ya mto, ile niliyoiandika kule Fizi miaka ya hamsini, ina kurasa sita na karibu hakuna binadamu ndani yake, isipokuwa mstari mmoja ambao nitaufikia. Ukiisoma utafikiri chupa zilijitembeza zenyewe mpaka mtoni, zikajijaza, zikapanda lori zikarudi mlimani. Nimekaa kimya na adabu hiyo miaka mingi. Sasa munganga hayupo tena, na mimi ni mzee wa kusema ninachotaka. Watu walikuwapo. Hasa mama mukwe wangu alikuwapo.

Raporo inaanza na kichwa KUSUDI: "Kupima oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya mto, na kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na uchafu wa maji hayo kwa siku tano." Safi kabisa. Kusudi lenyewe hasa lilikuwa hili. Samaki walikufa mtoni karibu na Baraka, pale mto unapokaribia ziwa. Walielea matumbo juu, wengi, na wavuvi wakapiga kelele. Mzungu mwenye kinu cha mafuta ya mawese, ambaye mfereji wake ulimwaga majimaji ya moto na makapi ndani ya mto huo huo, alikimbia kwa msimamizi wa wilaya kabla ya mtu yeyote. Akasema mto unaozeshwa na wanawake wanaoloweka mihogo katika mabwawa ya ukingoni, huko juu kabla ya kinu chake. Yeye alifika wa kwanza, kwa hiyo alisadikiwa wa kwanza. Karatasi ya kupiga marufuku kuloweka mihogo mtoni ilikuwa imeshaandikwa kwa mashine, ikingoja sahihi tu.

Kwa mtu asiyejua mihogo yetu, marufuku hiyo ni jambo dogo. Loo! Mihogo michungu usipoiloweka siku tatu au nne ikalainika na kutoa uchungu wake, huwezi kuila, itakuumiza. Bila mabwawa yale hakuna unga, na bila unga hakuna bugali, na bila bugali mtu wa kwetu anakaa mezani anakuangalia tu. Wakati huo ulikuwa kiangazi. Vijito vyote vya karibu vilikuwa vimekauka. Mahali pengine penye maji ya kutosha palikuwa upande wa Lubondja, mwendo mrefu na kikapu mgongoni, kwenda na kurudi, na mihogo mibichi ni mizito kama mawe.

Munganga alimwomba msimamizi asubiri kidogo. "Kwanza tupime," alisema. Kisha akanigeukia mimi, aide wake, msaidizi wa maabara, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa homa za zamani na hakuweza tena kushika pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia dawa. Mimi nilijibu ndiyo, bwana munganga, kwa sauti ya mtu anayejiamini. Moyoni nilikuwa nimekwisha. Mwanamke aliyetawala mabwawa yale, aliyejua kila kikapu ni cha nani na kinatoka lini, alikuwa mama wa msichana niliyekuwa nimemchumbia. Na kwetu, mwanaume na mama mukwe hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani, unaingia majanini. Akikuona yeye, anafunika kichwa na kugeuka. Mpaka siku mbuzi fulani atakapotolewa na kuliwa baada ya ndoa, ninyi wawili mnaheshimiana kwa kukimbiana. Mimi nilikuwa nimemkimbia yule mama vizuri sana kwa mwaka mzima, na sasa natumwa na chupa mpaka miguuni pake.

Sehemu ya pili ya raporo ni VIFAA NA NJIA. Hapo nilijivuna kidogo, na munganga hakukata. Kazi yenyewe ni nzuri, nakwambia. Unachukua chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo kilichokatwa mshazari. Unaizamisha taratibu majini, unaiacha ijae bila kububujika, maji yapite ndani yake na kufurika, kisha unaiziba hukohuko chini ya maji, pasibaki hata povu moja. Hewa ya nje ikiingia, umeharibu, maana hewa ndiyo unayoitafuta. Halafu hapohapo ukingoni, kabla hujavuta hata sigara, unatia kwa pipeti, ncha ikiwa chini ya uso wa maji, dawa ya manganizi, kisha dawa ya iodini iliyochanganywa na magadi makali. Unaziba, unaipindua chupa juu chini mara nyingi. Sasa tazama. Kama maji yana oksijeni, linatokea vumbi la kahawia na linashuka chini polepole. Likiwa jeusijeusi la kahawia, hewa ni nyingi. Likiwa limepauka, hewa ni kidogo. Likibaki jeupe kama unga, hakuna kitu, maji yamekufa. Hapo hewa imefungwa, haiwezi kutoka wala kuingia, na unaweza kupanda nayo mpaka Fizi.

Maabara ilikuwa Fizi, mlimani, kwa sababu kule kuna baridi. Huko unatia asidi kali, vumbi linayeyuka na maji yanakuwa ya dhahabu. Unapima sehemu ya hayo maji, mililita mia mbili, unaacha dawa ya thiosalfeti idondoke kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita, tone kwa tone mpaka dhahabu inafifia kama majani makavu. Hapo unatia wanga uliochemshwa, na maji yote yanakuwa bluu. Unaendelea, tone, tone, mpaka bluu inatoweka ghafla. Kwa dawa yetu, kila mililita moja iliyotumika ilimaanisha miligramu moja ya oksijeni katika lita moja ya mto. Hesabu hata mlevi angeiweza.

Basi wanga wetu wa kopo, uliotoka Ulaya, nilipoufungua ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Nikafanya nini? Nikachukua kijiko cha wanga wa mihogo kutoka kwa mchumba wangu, nikauchemsha, nikaujaribu. Bluu ikatokea, pengine na zambarau kidogo, lakini bluu. Munganga alisimama akaangalia kioo.

"Hii wanga natoka wapi?"

"Muhogo, bwana."

"Muhogo iko mushitakiwa," alisema, "na sasa iko shahidi pia?" Akacheka mpaka akakohoa. Lakini alinitaka niijaribu mbele yake kwa dawa iliyojulikana nguvu yake, bluu ikatoweka kwenye tone lilelile lililotarajiwa, akaridhika.

Kipimo cha pili ni cha siku tano. Vijidudu vya majini vinakula uchafu, na vikila vinapumua. Unachukua chupa mbili za maji yaleyale: moja unaipima leo, nyingine unaifunga gizani kwa nyuzi ishirini za joto, siku tano kamili, kisha unaipima. Hewa iliyopungua ndiyo hamu ya uchafu ule. Nyuzi ishirini kule Baraka ni ndoto, kule unatoka jasho hata ukiwa umelala. Huku Fizi nililaza chupa ndani ya mtungi mkubwa wa maji, chini ya sakafu ya dispensari, nikaufunika kwa magunia yaliyoloa. Asubuhi na jioni nilisoma kipimajoto. Ishirini, ishirini, ishirini na moja, ishirini. Nikiyamwagia magunia maji kama mtu anayebembeleza mgonjwa.

Siku ya kuchota tulishuka na lori la dispensari. Dereva alikuwa mtu wa kando ya ziwa, Mwislamu wa Baraka, mwenye kofia safi na mdomo ambao haujui kupumzika. Vituo vilikuwa vitatu. Kituo cha kwanza juu, kabla ya mabwawa ya mihogo. Cha pili pale mabwawa yanapomwaga maji yao mtoni. Cha tatu chini ya mfereji wa kinu. Kituo cha kwanza nilichota mwenyewe, vizuri. Tulipokaribia cha pili nikasikia sauti za wanawake, na katikati yao ile sauti moja.

"Simamisha lori," nikasema.

"Tuko bado mbali."

"Simamisha, nakuambia!"

Nikamweleza dereva mara tatu namna ya kuchota: zamisha polepole, usimimine, ziba chini ya maji. Nikampa chupa tatu: moja ya kutia dawa hapohapo, moja ya siku tano, na moja ya akiba. Nikajificha nyuma ya lori, nikiwa nimeinama kama mwizi wa kuku. Alikaa sana. Nilisikia vicheko. Hatimaye akarudi na chupa tatu zinang'aa, zimezibwa vizuri, hakuna povu. Nikatia dawa kwenye ile ya kwanza. Vumbi likatoka la kahawia nzito, zuri ajabu. Nikataka kucheza pale barabarani. Mama mukwe wangu alikuwa hana hatia!

Kituo cha tatu, chini ya mfereji wa mzungu, maji yalinuka mawese yaliyolala, na dawa ilipoingia vumbi lilibaki karibu jeupe. Sikusikitika hata kidogo, naungama.

Siku tano baadaye niliandika MATOKEO kwa mwandiko wangu bora. Kituo cha kwanza, oksijeni 7.3. Kituo cha pili, 7.8. Kituo cha tatu, 0.9. Na hamu ya siku tano: cha kwanza, 1.0. Cha pili, 0.8. Cha tatu, ambacho nililazimika kukizimua sehemu moja kwa ishirini kwa sababu vinginevyo kingemaliza hewa yote ya chupa kabla ya siku ya tano, 60. Nikaipeleka meza ya munganga nikasimama mikono nyuma, nikingoja sifa.

Alisoma. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Maji naingia kwa mihogo na saba nukta tatu. Natoka na saba nukta nane."

"Ndiyo, bwana."

"Mihogo naoza ndani ya maji, na maji nakuwa safi kupita mwanzo."

Nikaishusha mikono niliyokuwa nimeiweka nyuma.

"Basi tuambie gavana," alisema munganga, "mito yote ya koloni tuloweke mihogo. Tutakunywa maji kama ya mbinguni." Halafu sauti yake ikageuka. "Yule bwana wa mafuta hana akili nyingi, lakini hii atacheka nayo. Atasema: kama moja iko uwongo, yote iko uwongo. Na marufuku itatiwa sahihi siku ileile. Nani alichota?"

Nikamwita dereva. Hakuona kosa lolote, na hata leo nikikumbuka uso wake uliotulia nataka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja.

"Mi niliwambia bamama ile maneno yako yote," alisema. "Yule mama mukubwa akauliza, maji ni ya nani? Nikasema, ni ya mukwe wako, anangoja nyuma ya lori. Akasema, aka! Mi nimupe mukwe wangu maji ya kuoza? Ashike chupa yenye kunuka mbele ya wazungu? Akapanda juu pale banachota maji ya kunywa, akachuja na kitenge kipya, akamimina na kibuyu, kutoka juu kabisa, vile unamwaga chai ya wageni. Maji muzuri sana! Hata mi nilitamani."

Mungu wangu. Maji ya kunywa, yamechujwa, yamemiminwa kutoka juu mpaka yakameza hewa njiani. Yule mama alikuwa amenipa heshima yote aliyokuwa nayo, na heshima hiyo ilikuwa inakwenda kumnyang'anya mabwawa yake. Nilikasirika, nikaona aibu, na katikati ya hasira nikasikia kitu kingine ambacho sikutaka kukisikia: hakuna mtu aliyewahi kunichujia maji kwa kitenge kipya.

Munganga alimwomba msimamizi wiki moja zaidi. Alipewa, lakini kwa mdomo mbaya. "Mara hii," aliniambia, "wewe nachota. Kwa mukono yako."

Tukashuka tena. Wanawake walikuwepo, na yule mama alikuwa nyuma ya matete, mgongo umetugeukia, kichwa kimefunikwa. Mimi nilisimama nyuma ya mlango wa lori, nikiutazama mlima. Kati yetu kulikuwa na hatua labda ishirini, na dereva akasimama katikati, maana hatukuruhusiwa kusemeshana. Tulisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mama," nikasema, "kwa heshima zote, namshukuru kwa maji ya wiki iliyopita. Yalikuwa mazuri mno."

Dereva akageuka. "Anasema maji yako ilikuwa muzuri mpaka muzungu akalia."

"Sikusema hivyo!"

"Mi ndiye naongea na mama, ngoja zamu yako."

Sauti ikatoka kwenye matete: "Muulize ule anayesimama nyuma ya lori: kama ilikuwa muzuri, anarudia nini?"

"Anauliza unarudia nini."

"Nimesikia."

"Kusikia si kazi yako, mi ndiye nabeba maneno."

Nikasema nataka maji yaleyale ya mabwawa, yalivyo, na harufu yake. Mama akajibu kutoka kwenye matete: "Muambie hapana. Batu watasema nini? Watasema mama ya muchumba yake anamunywesha mukwe matope."

"Siyo ya kunywa!" nikapiga kelele, na wanawake wote wakacheka, maana nilikuwa nimemsemesha moja kwa moja. Nikajirekebisha, nikamsemea dereva, lakini hasira ilikuwa imeshapanda na sikuizuia. "Mwambie kwamba maji yake mazuri yanaweza kumfungia mabwawa. Mwambie yule mzungu wa mafuta anangoja tuandike uwongo mmoja tu. Nikiandika kwamba mihogo haichafui kitu, hakuna atakayeniamini nikisema kinu chake kinaua mto. Mwambie kikapu chake kitakwenda mpaka Lubondja kwa sababu ya kitenge kimoja!"

Dereva, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuongeza kitu. Wala hakurudia. Hakukuwa na haja.

Yule mama akasema, polepole: "Basi achote mwenyewe. Sisi tunageuka."

Wanawake wote wakageuka, migongo kwangu, wamefunika vichwa. Nami nikateremka kinyumenyume, ili nisiyaelekee matete, nimeshika chupa mbili kila mkono. Dereva aliniongoza kutoka juu. "Kushoto. Kidogo tena. Iko jiwe. Nyoosha mguu. Kulia, kulia kwako wewe, siyo kwangu!" Ukingo wa mabwawa ya mihogo, asiyejua ajue, umejaa maganda yaliyooza na utelezi. Nikaenda chini kama gunia. Maji yakanifika kwapani. Lakini chupa sikuziachia. Kwa kuwa nilikuwa nimeshazama, zilijaa polepole chini ya maji, bila kububujika, nikaziziba hukohuko moja moja, na sijawahi katika maisha yangu kuchota sampuli safi kama ile. Nyuma ya matete kulitoka kicheko kimoja, kizito, kisha kikazuiwa kwa kitambaa. Wengine hawakujizuia.

Nikatia dawa. Kahawia ilitokea, lakini imepauka, siyo ile nzito ya wiki iliyopita. Nilikuwa najua, na bado iliniuma. Mihogo ilikuwa inakula hewa ya mto. Nikasimama na chupa ile, maji yananichuruzika, nikifikiri itakavyosomeka kwa msimamizi.

Ndipo sauti ikatoka tena. "Muulize kama alichota na pale kwenye mawe."

"Mawe gani?" nikauliza hewa.

"Pale chini, kabla ya mufereji ya mafuta. Apa kwetu maji inalala, anayaona mwenyewe. Pale kwenye mawe inaruka, inaamka. Samaki ya kidogo iko pale hata leo. Batoto banawashika na mikono. Ile maji akaipime."

Ee, jamani! Munganga na mimi, na karatasi zetu na bureti yetu, tulikuwa tumeweka kituo chini ya mabwawa na kituo chini ya kinu, na katikati hapo, mahali mto unaporuka kwenye mawe na kurudisha hewa yake, hatukuweka kitu. Yule mama hakujua neno oksijeni, lakini alijua maji yake yanaamkia wapi. Nikakimbia mpaka kwenye mawe nikiwa nimeloa, nikachota. Vumbi likashuka la kahawia nzuri. Kikawa kituo kipya. Munganga baadaye aliniruhusu nikiite kituo cha pili na nusu, kwa sababu namba nyingine zilikuwa zimeshapigwa kwa mashine. Kituo cha chini ya mfereji nacho nilikirudia siku ileile, kikatoa yaleyale.

Nikasubiri siku tano nyingine. Sikulala vizuri, nilikwenda kuyamwagia magunia maji hata yasipohitaji. Siku ya tano bluu ilipotoweka kwa mara ya mwisho kwenye kioo, niliandika. Kituo cha kwanza, 7.3. Cha pili, 4.9, na hamu ya siku tano 6, baada ya kuzimuliwa nusu kwa nusu. Cha pili na nusu, kwenye mawe, hewa 6.7, hamu 4. Cha tatu, chini ya mfereji, 0.9 na 60. Sasa hata mtu asiyesoma angeuona mto ukitembea kwenye karatasi: unachoka kwenye mihogo, unapata nguvu kwenye mawe, unauawa kwenye kinu.

Katika MAJADILIANO munganga alinitaka nieleze kwa nini sampuli ya kwanza ya kituo cha pili haimo. Nilikaa na kalamu mchana kutwa. Mwishowe niliandika: "Sampuli ya kwanza ilitupwa, kwa sababu mchotaji alimheshimu mpokeaji kuliko kipimo." Munganga alichukua wino mwekundu. Alishika kalamu juu ya mstari ule kwa muda. Kisha akafunga kichupa cha wino, akaniambia nikapige muhuri.

Mzungu wa mafuta alikuja na maneno mengi, lakini kituo cha pili na nusu kilimfunga mdomo. Marufuku haikutiwa sahihi. Kinu kikaamriwa kuchimba mashimo ya kutuliza makapi kabla maji hayajaingia mtoni, na mashimo yakachimbwa kweli, kwa kununa. Wanawake nao waliambiwa wahamishe mabwawa mawili ya chini, yaliyokuwa karibu mno na mawe. Walinung'unika wakahamisha.

Raporo ilisomwa mabwawani. Dereva alisoma, akiigeuza Kiswahili, mimi nikiwa nyuma ya lori mahali pangu pa kawaida. Alipofika kwenye 4.9 nilisikia yule mama akilipuka.

"Ine na tisa! Ile ni ya kwetu? Ameandika aibu yangu kwa Kifaransa?"

"Ni ya kwenu, mama."

"Na ya muzungu?"

"Sifuri nukta tisa."

Kikatoka kicheko kile kizito, safari hii bila kitambaa. Tangu siku hiyo, mabwawani hapo, mwenye kinu aliitwa Sifuri-Tisa mpaka alipoondoka nchini, naye hakujua kwa nini.

Nilioa. Mbuzi alitolewa, akaliwa, na siku hiyo mimi na mama mukwe tulikaa kwa mara ya kwanza mezani pamoja, uso kwa uso. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinitazama sana, mimi nikiutazama bugali. Nilidhani atasema baraka, au atanionya juu ya binti yake.

"Ile maji yangu ya kwanza," akasema. "Chupa tatu. Mulimwaga?"

Hapo sikuwa na dereva wa kunisemea. "Mbili nilizipima, mama. Kuzipima ni kuziharibu, zilitiwa dawa."

"Na ya tatu?"

Ya tatu haimo kwenye raporo yoyote. Siku ile munganga aliponiaibisha, nilirudi maabara peke yangu nikaikuta ile chupa ya akiba, haijaguswa, inang'aa dirishani. Ilinipasa kuimwaga. Ilikuwa sampuli ya uwongo.

"Ya tatu niliinywa," nikasema.

Aliweka tonge chini. Macho yake yalilowa, akajifanya ni moshi.

"Ilikuwa tamu namna gani?"

"Saba nukta nane, mama."